Ile Maili Ishirini na Sita ya Mzee Shija

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Na ninyi mliokaa mabenchi ya nyuma, msianze kucheka, sijafika huko. Nimesimama kwa shida kama mnavyoona, kucha mbili za miguu zimeng'oka na ngazi hizi tatu za madhabahu nimezipanda kinyumenyume. Lakini nimesimama.

Wengi hapa mnaniita Nusu. Nalijua jina langu hilo, sina haja ya kujifanya. Nyumba yangu ina kuta, haina paa, mwaka wa nne sasa. Bani la kukaushia tumbaku nililianza, likaishia kwenye lenta. Darasa la ubatizo nilirudia mara tatu, Mchungaji ni shahidi. Hata mke wangu, Mama Kulwa, akikasirika huniita Nusu. Nilizoea. Lakini mwaka jana Kulwa na Doto walirudi shuleni wanalia, wameitwa watoto wa Nusu. Ndugu zangu, siku hiyo chakula kilinishinda.

Basi ikaja barua kwa katibu kata, kwamba Shinyanga mjini kutakuwa na mbio ndefu, marathoni, kilomita arobaini na mbili na kidogo. Nikamwambia Mungu: kitu kimoja tu, nikimalize mbele ya watu. Nikamwambia na Mama Kulwa. Akasema, "Haya."

Wenzangu wa mazoezi walikuwa wawili. Mayunga, jirani yangu, mchunga ng'ombe, mtu wa maneno machache. Na Mzee Shija, askari wa zamani aliyefika Bama vitani, yeye akitufuata kwa baiskeli na saa yake ya mkononi. Mzee Shija hapendi kilomita. Anasema zimeletwa kutuchanganya. Akakaa chini na kipande cha mkaa, akapiga hesabu, akatangaza: "Ni maili ishirini na sita. Hiyo ndiyo lugha ya kueleweka."

Hesabu ilikuwa sahihi. Ndiyo maana inaniuma.

Tulifanya mazoezi barabara ya Kahama, miezi mitano. Siku za kazi tulikimbia kidogo, Jumamosi tukakimbia mbali, kila wiki tukiongeza kipande. Mwanzo mwisho wa pumzi yangu ulikuwa jiwe la tatu, haya mawe yenye namba kando ya barabara. Tukajifunza kukimbia polepole kiasi cha kuweza kuongea, ingawa Mayunga hakuongea. Tukajifunza kunywa maji kabla ya kiu. Mapaja yalichubuka mpaka Mama Kulwa akanipa samli nipake. Nilikimbia na makatambuga ya tairi, raba nikaziweka kwa ajili ya siku yenyewe. Wiki tatu kabla tulifika jiwe la ishirini na mbili, Mzee Shija akasema imetosha, sasa tupunguze miguu ipumzike.

Kila jiwe tulilipita kwa dakika sita. Mzee Shija alikuwa anapaza sauti akisoma saa. "Maili moja kwa dakika sita! Hawa ni watu wa kwenda nje ya nchi." Akapita kijiji kizima anasema hivyo. Nami nikamwambia Mama Kulwa, tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu kasorobo uwe uwanjani Shinyanga, mbio zinakoishia.

Mmeshaelewa, sivyo? Sisi hatukuelewa. Kwetu jiwe lolote la barabarani tunaliita maili. Mababu zetu waliita hivyo, na Serikali ilipong'oa yale ya zamani ikapanda ya kilomita, sisi tukaendelea kuyaita maili. Miezi mitano tumehesabu kilomita kwa jina la maili. Tulikuwa tumejiandaa kwa mbio zaidi kidogo ya nusu. Nusu tena, ndugu zangu!

Asubuhi ya mbio lori lilitupeleka mahali pa kuanzia. Likaenda, likaenda. Mimi nikamwambia Mayunga dereva amepotea. Watu wazima wawili, tumekaa ndani ya lori, tunamsikitikia dereva.

Tukaanza vizuri, dakika sita zile zile, Mzee Shija nyuma na baiskeli yake. Njiani waliweka vibao vyenye namba. Nilipokiona cha ishirini na tano nikasema sasa, nikachomoka kwa nguvu zote nilizobakiza. Kibao cha ishirini na sita nilikipita mikono juu, nalia machozi, namshukuru Mungu kwa sauti. Ilikuwa saa mbili na dakika thelathini na sita.

Palikuwa na meza ya maji, mama mmoja, na ng'ombe.

Nikamuuliza uwanja uko wapi. Akanijibu kwa upole, "Shinyanga, baba. Bado kumi na sita."

Mayunga alifika, akasikia, akamgeukia Mzee Shija. Tangu nimfahamu sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile, na hayafai kanisani. Mzee alishuka kwenye baiskeli, akakitazama kile kibao, akakaa chini barabarani. Akaniambia, "Mwanangu, panda lori la waliochoka, linakuja nyuma. Kosa ni langu. Nitawaeleza watu mwenyewe."

Nilikasirika. Siwafichi. Nilimkasirikia yeye, na mawe, na mimi mwenyewe, na Mungu kidogo. Maana nilijua angeeleza vizuri sana, na watu wangesikiliza mpaka mwisho, halafu wangesema: Nusu. Lori lilipofika nilikuwa nimeshashika ubao wake wa nyuma. Mayunga akasimama tu kando yangu. "Usipopanda, sipandi," akasema.

Nikauachia ule ubao.

Sitaki kuwadanganya kwamba nilikimbia. Nguvu nilikuwa nimezimaliza pale kwa mbwembwe zangu. Tulikimbia kibao hadi kibao, tukatembea kinachofuata. Kwenye thelathini na tatu shavu la mguu wa kushoto lilijikunja kama ngumi, nikaanguka. Mayunga akaukunjua mguu, akafungua pindo la leso: chumvi, na sukari. Mnajua sukari ilivyo siku hizi. Ilikuwa ya mgao wa watoto wake, na mkewe ndiye aliyeifunga. Tukaikoroga kwenye maji, nikanywa. Mzee Shija akasukuma baiskeli kwa miguu pembeni yetu mpaka mjini, hakutaka kupanda tena. Nilikuwa nanuna, namuomba Mungu huku nanuna, na Mungu alipokea hivyo hivyo.

Tuliingia uwanjani saa tano na robo. Utepe ulishaondolewa. Viti vilikuwa vinapakiwa. Alibaki karani mmoja mezani, na Mama Kulwa, amesimama na watoto juani tangu saa mbili.

"Ulisema saa tatu kasorobo," akasema.

Karani akauliza, jina nani? Nikaishika meza kwa mikono miwili nisianguke. Mama Kulwa akasogea mezani, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Andika Luhende Kashinje," akasema. "Yote mawili. Na uandike amemaliza."

Ndugu zangu, Mungu alinitoa pale nilipokuwa. Namshukuru Yeye, na Mayunga, na mkewe kwa ile sukari, na Mzee Shija, ambaye nimemsamehe tangu juzi jioni. Na wewe uliyeachia kitu njiani, mtegemee Bwana, urudi ukakishike, hata kama umenuna.

Jumamosi ijayo naezeka nyumba yangu. Mayunga atakuja, ninyi nyote karibuni. Mzee Shija naye aje, atatuimbia. Kupima mabati atapima mtu mwingine.