Vikombe Viwili vya Winnie

Mwaka wa tisini na tano, kwenye feri ya Likoni, Zakiya alijifanya kutazama maji huku akisikiliza benchi la pili. Winnie alitaka kujua kama amrudie Kombe, mumewe wa zamani. Nyevu, msoma karata za ramli, aliketi akimkabili, akapanga karata saba mfano wa kiatu cha farasi: yaliyopita, yaliyopo, yaliyofichika, kizuizi, watu wa kando, ushauri, mwisho.

Kizuizi kilikuwa malkia wa panga. “Mamake Kombe huyo!” Winnie akaguna.

Ushauri ulikuwa mizani: apime kwa haki.

Mwisho, vikombe viwili. “Vimesimama,” Nyevu akasema. “Mtapatana.”

“Kwangu vimepinduka, vyamwagika!”

“Husomwa upande wa msomaji, dadangu.”

“Basi mrudie wewe!”

Zakiya akauma buibui asicheke. Feri ikagonga gati. Winnie hakushuka; alikuwa amepinda shingo, akijaribu kuiona karata kwa upande wa Nyevu.