Historia ya Karani wa Dirisha Namba Tatu

Yah: Kuwepo kwa Benchi Lisiloidhinishwa Mbele ya Dirisha Namba Tatu. Hicho ndicho kichwa cha barua ya kwanza katika faili ambalo marehemu alilitunza kuliko albamu ya harusi, na mume wake, fundi cherehani, ambaye ndiye anayesimama mbele yenu na ambaye taratibu zinamtaka ajiite mume wa marehemu hadi karatasi hizi ziishe, ameona aanzie hapo, ingawa mwenyekiti wa kamati, kaka mkubwa wa marehemu, alishamwambia, "Shemeji, kurasa mbili, dakika saba, na msibani hatuchekeshi watu." Shemeji ameketi hapo mbele na nakala yake mkononi, ili sauti ya fundi ikikatika aendelee palipoishia, na nakala hiyo haina benchi.

Ieleweke pia kwamba binti wa marehemu, aliyefika hospitalini nusu saa baada ya mama yake kuondoka, amemwuliza baba yake mara mbili kama mama alikuwa peke yake na kama alisema neno, na mara zote mbili ameambiwa, "Ngoja mwanangu, itasomwa mahali pake." Fundi hakuwa akificha kitu, kinywa ndicho kilichokuwa kizito, akatumaini karatasi itakuwa nyepesi.

Marehemu alizaliwa asubuhi ya tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, akiwa mtoto wa nne na wa kwanza wa kike. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, na sekondari hadi 1974, ambako mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti yake ya mwisho kwamba anaongea mno, ila anayoongea ni ya kweli, maneno ambayo marehemu aliyahesabu kuwa cheti chake cha juu kuliko vyote.

Tarehe 1 Februari 1976 aliajiriwa Idara ya Maji kama karani wa masjala, na mwaka 1983 akahamishiwa dirisha la wateja namba tatu, ambako alikaa hadi alipostaafu, akapata na jina la Mama Dirisha. Hapo alikuwa na desturi moja ambayo wengi wenu mtaikumbuka bila kujua kwamba ilikuwa desturi: akija mtu asiyejua kusoma, akaigeuza fomu huku na huku kama anayetafuta mlango wake, marehemu aliichukua na kusema, "Lete hapa, mkuu wetu ana ugonjwa, hasomi mwandiko mwingine ila wangu," kisha akajaza mwenyewe, na mtu akaondoka akimwonea huruma mkuu.

Mwaka 1991 alichoka kuwaona wazee wamesimama, akakodi mkokoteni, akaleta benchi la sebuleni kwake. Mkuu aliandika barua kuuliza ni nani aliyeidhinisha benchi, na marehemu akajibu siku hiyohiyo kwamba benchi limesomewa barua na halina pingamizi, ila kwa sasa lina wazee watatu juu yake. Barua zilifika kumi na nne, zote zikiwa na kumbukumbu namba, mwisho benchi likapigwa chapa na kuingizwa kwenye orodha ya mali za idara, hata marehemu alipostaafu mwaka 2017 akaambiwa kwamba akitaka kulirudisha nyumbani itabidi aombe kibali. Hakuomba. Alisema limeshapata ajira ya kudumu, si vizuri kulivurugia.

Alifunga ndoa na fundi tarehe 20 Agosti 1981, baada ya kumpelekea sketi moja mara nne akidai bado inapwaya, na mara ya nne fundi alipoapa kwamba hakuna tena cha kupunguza, yeye akasema, "Basi fundi, huoni kingine cha kurekebisha?" Walijaaliwa mtoto mmoja, binti aliyekwisha kutajwa, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1985.

Sasa kuhusu nyumbani. Fundi amehangaika sana na sehemu hii, maana kamati ilimshauri aandike kwamba marehemu alikuwa mwema, na kila alipoliandika neno hilo aliona limemkalia marehemu kama koti la kuazima. Akaanza kuuliza watu, mmojammoja, alikufanyia nini, siku gani, akagundua kwamba aliyekuwa hajui zaidi ni yeye mwenyewe.

Marehemu alilazwa tarehe 3 Juni 2024 kwa ugonjwa wa moyo uliomsumbua tangu mwaka uliotangulia. Siku ya nne fundi alikaa kibandani pake, akachukua sindano, uzi ukagoma kuingia, akachukua nyingine, ikawa vilevile, akaenda duka linalotazamana na kibanda akiwa amekasirika kulalamika kwamba kiwanda kimeanza kubana matundu. Muuza vifaa vya ushonaji akamtazama, akasema, "Mzee, tundu ni lilelile. Ila mama hajapita kuzitunga." Ndipo ilipojulikana kwamba kwa miaka kumi na moja, kila asubuhi, fundi akiwa bado anaoga, marehemu alitunga uzi kwenye sindano ishirini, zenye uzi mweusi upande mmoja na mweupe upande wa pili, akazichomeka kwenye kimto cha sindano cha fundi, akaitunga na sindano ya cherehani, na fundi akatembea mjini akijisifu kwamba wenzake wote wamevaa miwani isipokuwa yeye.

Alipompelekea habari hiyo kitandani, marehemu alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia mashine. "Ungenipa miwani tu," fundi akasema. "Ningekupa," akajibu, "lakini ulikuwa unafurahia sana macho yako."

Hapohapo akamwagiza aandike historia hii na amsomee kwanza, kwa kuwa katika maisha yake hajawahi kupitisha faili bila kulisoma. Alisahihisha tarehe mbili. Palipoandikwa kwamba alikuwa mpole alisema, "Futa hilo, watakaosikia wananijua." Benchi alisema libaki, hata kaka akikasirika.

Shukrani zinatangulizwa hapa, kwa sababu msomaji hana hakika na sauti yake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa yule aliyekubali pazia liachwe wazi, majirani waliopika na kufagia bila kuulizwa, wafanyakazi wa Idara ya Maji waliofika, pamoja na kumshukuru mwenyekiti wa kamati, ambaye amevumilia. Mama Dirisha, umehudumia foleni ndefu, funga dirisha sasa, upumzike.

Imebaki siku ya mwisho, tarehe 27 Juni 2024. Cheti kimeandika saa nne na dakika kumi asubuhi, ambayo ni saa daktari alipoitwa, na mahali pa shahidi pameachwa wazi. Mwanga ulikuwa umejaa chumbani, mweupe kama shuka iliyoanikwa, na marehemu alikuwa akisinzia na kuamka, akaeleza kwamba ameota amepanga foleni kwenye dirisha lake mwenyewe na hakuna aliyekuwa na haraka. Fundi alikuwa akimsomea ukurasa wa pili. Akasita, akidhani amelala. Marehemu akasema, "Endelea fundi, nasikia," na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mumewe, naye akaendelea, akasoma hadi mwisho wa ukurasa, na alipoinua macho, mke wake alikuwa amefariki.