Samaki wa Ijumaa

Katika basi la kwenda Kasapa, kwenye viti vya mbele yangu, kijana alikuwa akijitetea kwa rafiki yake wa kike aliyekaa naye. Ramadani ilipoanza, alikuwa amemwambia wasionane tena mpaka Idi. “Ile njo heshima, Chadia. Sikutaka nikule mbele yako.”

“Ungeniuliza, Kunda. Muchana nafunga, lakini magaribi nafungula, tunaweza kutembea. Siku kumi nilizani umenichoka.”

Kuna heshima, niliwaza, inayofanana sana na kukimbia.

“Kesho kuya kwetu mbele ya azana ya magaribi, tungoje pamoja,” Chadia akasema.

“Kesho ni vendredi, Ijumaa. Tuko mu Kwaresima, mi sikulake nyama.”

“Najua. Mama alisha kununua samaki ya Kilwa, kule ku ziwa. Kesho nyumba yote hatukule nyama.”

“Merci,” Kunda akasema, sauti imemlegea. “Basi na mi kesho nitafunga, tufungule pamoja.”

“Usifunge juu yangu! Kula muchana, kuya tu na njaa kidogo.”

“Nitafunga.”

“Kunda!”

Basi likasimama mbele ya chuo, wakashuka wakibishana. Mimi nilipaswa kushuka vituo vitatu nyuma, lakini masikio yangu yalikuwa kwao. Niliwashukuru kimoyomoyo, nikaanza kurudi kwa miguu.