Marekebisho ya Ukurasa wa Kumi na Nne: Maisha ya Kelemen Etelka

Mheshimiwa Meya, padri wetu, majirani na ndugu wote mliofika, mimi Ilka, binti wa pekee wa marehemu, ndiye ninayesoma, na maneno haya mama aliyaandika mwenyewe hospitalini, akanifunga kwa ahadi kwamba sitaruka mstari, kwa hiyo mtaniwia radhi, nitasoma yote.

Marehemu Kelemen Etelka alizaliwa tarehe 9 Februari 1953 hapa mjini kwetu Kisvölgyes, Hungaria, mtoto wa tatu wa fundi wa reli, akasoma shule ya hapa hapa, akamaliza sekondari mjini Nyíregyháza mwaka 1971, akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, na tarehe 6 Juni 1976 akafunga ndoa na baba yangu Miklós, seremala, aliyetutangulia mwaka 2008, wakajaliwa mtoto mmoja.

Mwaka 1990, utawala wa chama kimoja ulipokwisha, yeye na wenzake wawili walianzisha gazeti la mji, nalo kwa miaka ishirini halikumwonea haya meya wa chama chochote, wenyewe mnakumbuka. Baada ya chama tawala cha sasa kuingia mwaka 2010 matangazo ya serikali yalikatika, yakakatika na ya makampuni yenye zabuni za serikali, mwisho hata mwenye bucha akaogopa kutangaza soseji zake. Mwaka 2016 gazeti likanunuliwa na tajiri aliye rafiki wa chama tawala, na matangazo yakarudi wiki ileile. Marehemu aliachiwa kiti cha uhariri, lakini kurasa nne za mbele zilikuja kutoka mji mkuu, Budapest, zimeshaandikwa, yeye akabakiwa na habari za vifo, mpira na bei ya nguruwe.

Mwaka 2019 Hegedűs Benedek, mwalimu wa historia, ambaye marehemu ndiye aliyemfundisha uandishi, aligombea umeya dhidi ya Mheshimiwa Meya wetu. Hakupata mahali pa kubandika bango, kwa kuwa mbao zote za matangazo zilikuwa zimekodiwa na watu wa chama, vibarua wa manispaa waliambiwa na nyapara kwamba orodha ya kazi za majira ya baridi itaandikwa baada ya matokeo, na kuni za msaada ziligawiwa wiki ya mwisho na Mheshimiwa Meya kwa mkono wake. Mheshimiwa, ndivyo alivyoandika.

Pamoja na hayo yote Benedek alikuwa akikaribia kushinda, ndipo ikaletwa gazetini habari kwamba amempiga mwanafunzi akiwa amelewa. Marehemu alipiga simu shuleni, mwalimu mkuu akafungua daftari na kumjibu kwamba mtoto wa jina lililotajwa katika habari hiyo hayupo shuleni. Akamweleza mmiliki, naye akacheka, akamwita shangazi kama mji mzima ulivyomwita.

“Shangazi Etelka, wewe weka ukurasa wa kwanza, mahakama ni mambo ya baadaye.”

Akaiweka, tarehe 3 Oktoba, na jina lake chini.

Tarehe 13 kura zilipigwa, zikahesabiwa mezani mbele ya mawakala wa pande zote, na Benedek akashindwa kwa kura hamsini na nane. Hapa marehemu ameandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna kura iliyoibwa, wala hapakuwa na haja ya kuiba.

Benedek alishtaki, mahakama ikasema mwezi Desemba kwamba gazeti limedanganya, mmiliki akakata rufaa, na hukumu ya mwisho ikatoka Machi 2020, wakati meya ameshakaa kitini miezi mitano. Marekebisho yalichapwa mistari mitano, ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la mbegu za viazi. Wiki hiyo Benedek alikutana na marehemu mlangoni pa duka la mikate.

“Shangazi, ulijua?”

“Sikujua, mwanangu.”

Benedek akamshikia mlango apite na mkate wake. Kiangazi kilichofuata alihamia Linz, nchini Austria, kuendesha gari la mizigo, na marehemu anasema kwamba katika maisha yake yote hakuna alichokionea aibu kama mlango ule.

Mwaka 2022 manispaa ilimpa nishani, akaipokea. Mwaka huohuo mimi nilipewa ukuu wa shule ya chekechea, sikuuliza kwa nini, na hili nimeliongeza mwenyewe.

Mei 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono. Ameniagiza niwatamkie kwa jina lake: Benedek hakumpiga mtu, mtoto hakuwepo, na mimi Etelka nilijua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, tunawashukuru majirani waliomletea supu hadi aliposhindwa kumeza, na tunawashukuru wenzake wa gazetini, mlioketi pale nyuma, ambao tunajua Alhamisi mtaandika kwamba mazishi yalikuwa mazuri na Mheshimiwa Meya alihudhuria.

Mama, nimesoma yote. Sasa lala kwa amani.