Mbilikimo wa Yasinta

Treni ilikaribia Dodoma. Bibi Sikuzani, abiria aliyeketi mbele yao, alimtazama Hamidi akiishika isitikisike karatasi ambayo Yasinta alichorea picha za kitabu cha hadithi, ingawa vijana hao walikutana njiani tu.

"Kaka, mhariri ataniita mwizi," alisema Yasinta. "Mbilikimo wangu wana ndevu na mashoka kama wa michezo ya kompyuta."

"Na michezo hiyo iliiga michezo ya Wamarekani ya kuigiza hadithi kwa kurusha dadu," alisema Hamidi. "Nao walichukua kwa mtunzi mmoja wa riwaya, profesa Mwingereza, aliyewatoa mbilikimo wafua chuma kwenye ngano za kale za kaskazini mwa Ulaya."

"Na hawa watu warefu wa msituni, wenye masikio ya ncha?"

"Hukohuko. Masikio hayo yamezoeleka kwa sababu ya wachoraji. Hujaiba, dada, ila mbilikimo wako hata jembe la kwetu hawalijui."

Yasinta akashusha pumzi, akacheka, akafuta shoka moja na kuanza kuchora jembe mahali pake.

Treni ilisimama jembe likiwa limechorwa nusu. Bibi aliona Hamidi bado ameishika karatasi, ingawa hakukuwa tena na mtikisiko.