Jibu la Yeshimebet kwa Msomaji wa Dessie

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya buli la kahawa, msogee karibu. Yeshimebet Agonafir hatunaye tena. Mwandishi wetu Yeshimebet Agonafir amefariki Alhamisi hapa Addis Ababa.

Alizaliwa Dessie, akafundisha shule, akaandika riwaya. Mnaikumbuka "Kikombe cha Mulat", tuliyoisoma hapahapa redioni. Mama anamsubiri mwanawe Mulat aliyekwenda vitani. Kila akipika kahawa, anamwekea kikombe chake. Mwisho wa kitabu, majirani wanabisha hodi alfajiri kumpa merdo, taarifa ya msiba. Mwanawe amekufa. Mimi niliyeisoma nililia, na fundi mitambo akalia, akasingizia mafua.

Basi, msomaji mmoja akamwandikia. Jina lake Asnake, wa Dessie. "Wewe mama huna huruma!" alisema. "Namsomea mama yangu kila jioni, haoni vizuri. Sura ya mwisho imenishinda. Namwambia kurasa zimenyofoka. Majirani gani wale, kuja kubomoa nyumba ya mtu alfajiri? Toa toleo jipya. Mrudishe kijana, hata akiwa kilema."

Bintiye Yeshimebet, Rediet, anatusimulia: "Mama aliandika jibu kwa hasira. Akanisomea jikoni. Nikamwambia, 'Mama, hiyo ni barua au hukumu ya mahakama?' Akacheka, akaitia motoni."

Hakuandika tena haraka. Aliiacha barua ya Asnake mezani siku kadhaa, kisha akaisoma upya, taratibu, kama anavyosoma muswada wake. Ndipo akaona jambo. Msomaji huyu aliwalaumu majirani walioleta habari. Kijana aliyekufa kitabuni hakumlilia hata kidogo.

Rediet ametupa nakala ya jibu. Sikilizeni.

"Ndugu yangu Asnake, asante kwa kumsomea mama. Mwisho wa furaha niliuandika. Mulat alirudi, kuku akachinjwa, vigelegele vikapigwa. Asubuhi niliposoma, sikuamini hata mstari mmoja. Tangu sura ya kwanza majirani wanakwepa macho ya yule mama. Kijana akirudi, walikuwa wanakwepa nini? Ningewageuza wote wapumbavu ili mimi nipendwe. Kwa hiyo sitaubadilisha, na sikuombi uupende. Ila nakuuliza, tena kwa upole: nyumbani kwenu, nani anajua? Kama yupo, usiniachie kazi hiyo. Merdo haiwezi kuletwa na kitabu. Huletwa na watu. Funga kitabu, waite wazee wa chama cha mazishi. Mama akishalia, akitaka, msomee mwisho."

Wasikilizaji, desturi yetu mnaijua. Msiba hatumwagi barabarani. Tunauficha mpaka watu wakusanyike, waje pamoja alfajiri, ili anayeanguka adakwe. Lakini kuficha nako kuna mwisho wake. Kosa la Asnake ni kosa letu wengi. Kaka yake mkubwa alikuwa vitani, na Asnake alishaambiwa na askari mwenzake kaka huyo kwamba amefariki. Alijua peke yake.

"Nilisema nasubiri Pasaka ipite," Asnake ameniambia kwa simu. "Ikapita. Nikasema mavuno. Lile jibu lilinikasirisha, kaka. Nikalitupa uvunguni. Kesho yake nikalitoa, nikaenda kwa wazee."

Wakaja alfajiri, nyumba ikajaa. Mama yake, Debritu, akalia hadi sauti ikamkauka. Walipomaliza matanga, akamwita mwanawe. "Leta kile kitabu. Zile kurasa zilizonyofoka zitakuwa zimeota sasa."

Asnake akasoma mpaka mwisho. Mama akasema: "Nilikuwa najua, mwanangu. Ulikuwa unanikwepa macho. Nilidhani mimi ndiye nimerogwa, nawaza mabaya peke yangu. Huyu mwanamke amenitoa upwekeni."

Mimi hapo nilizima kipaza sauti. Nisameheni.

Ndugu, Yeshimebet ameacha dada yake mkubwa, Bizunesh, huko Dessie. Ni mzee, na moyo wake dhaifu. Alhamisi jioni Rediet alipiga simu Dessie, na simu hiyo ilikwenda kwa Asnake. Hakusubiri Pasaka. Jumamosi alfajiri wazee wa mtaa walisimama mlangoni kwa Bizunesh, shuka nyeupe mabegani, na aliyebisha hodi ni yeye.

"Nilibisha mara moja tu," anasema. "Bibi alifungua, akatutazama usoni mmoja mmoja. Hakuna aliyeangalia chini. Akaniangukia mimi, nikamdaka."

Rediet, mama Bizunesh na ukoo wote, poleni sana. Sisi wa redio tumefiwa pamoja nanyi. Na wewe unayesikiliza, kama kuna mlango unaoukwepa, usiende peke yako. Lakini nenda.