Kiti cha Vitus

Kijiwe cha Irine kiko ng'ambo ya stendi ya Same, pale mabasi ya Moshi na Dar yanapopuliza vumbi hadi ndani ya vikombe. Kahawa ya Irine ina tangawizi ya milimani, kali, inawasha koo, na wanaoinywa nao wana makali yao. Kuna Gideoni, jina la kijiweni Bunge, ambaye hajawahi kusema neno moja likatosha. Kuna Nassoro, wanamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufunga bomba likaacha kuvuja. Na kuna Vitus, fundi wa redio na simu, ambaye kibanda chake kimegusana na benchi kabisa. Vitus alianguka kutoka juu ya mti kwao Ngujini akiwa kijana, uti wa mgongo ukaumia, na tangu hapo anatembelea kiti mwendo cha matairi matatu alichochongewa na fundi wa kuchomelea. Jumamosi anamwoa Fortunata. Asubuhi hiyo alikuwa ameinamia redio ya mtu, koleo mkononi, wakati Bunge na Injinia walipofika wakisukuma kitu kikubwa kilichofunikwa blanketi.

— Irine, tupe kahawa! alisema Bunge. Leo ni siku kubwa. Na huyu bwana harusi mpe na yeye. Anakunywa na sukari?

— Muulize mwenyewe, si huyo hapo? alijibu Irine.

Bunge hakumuuliza. Alivuta blanketi. Ndani kulikuwa na kiti mwendo kipya, cheusi, kimefungwa utepe mwekundu kama keki.

— Zawadi ya harusi, kutoka kijiweni! Unaonaje?

Vitus aliweka koleo chini. Alikitazama kiti, akatazama utepe.

— Hamjanipa bado, alisema polepole. Mmefunua tu. Hebu nielezeni kwanza mmepangaje.

Lilikuwa kosa kumpa Bunge nafasi.

— Mpango uko hivi. Kanisani, mkishavishana pete, mchungaji anatulia kidogo. Mimi na Injinia tunaingia nacho katikati. Tunakunyanyua kwenye hicho kikuukuu, tunakukalisha kwenye kipya. Watu wanalia! Mpiga picha anachukua.

— Mimi nimefikiria tukifunge injini, alidakia Injinia. Ya pikipiki. Apande nacho mpaka Usangi kwa wakwe.

— Na honi! Na mwavuli juu! Halafu ile video tukiirusha mtandaoni, mfadhili atajitokeza, atamjengea nyumba. Vitus atakuwa mfano kwa taifa!

— Mfano wa nini? aliuliza Vitus.

— Wa… wa kutokukata tamaa.

— Gideoni, mimi naoa.

Alimwita kwa jina lake, na Vitus hakuwa na desturi hiyo.

— Injinia alipooa tulimpa nini? Tulimpa godoro na seti ya sufuria. Tulimuuliza kwanza, akasema godoro, tukanunua godoro. Hakuna aliyemnyanyua mbele ya watu. Mimi ninyanyuliwe kama gunia la vitunguu mbele ya mke wangu, kwa nini?

— Vitus, usichukulie hivyo, alisema Injinia. Tumetoa kwa moyo.

— Moyo wenu ulipima? Njoo. Wewe si injinia? Njoo uangalie.

Alisukuma matairi yake akatoka kibandani, akakisimamisha chake ubavuni mwa kile kiti kipya.

— Tazama upana. Hapa naingia mimi na mtu mwingine. Nikikaa nitalalia upande mmoja kutwa, mgongo unapinda. Kikalio ni turubai tupu, hakuna mto. Mimi huku chini sisikii. Turubai hili litanitoboa kidonda, nitakuja kukijua kikishanuka. Mnakumbuka nilipopotea hapa muda mrefu, mkasema nimeenda kutembea? Nilikuwa nimelala kifudifudi hospitali kwa kidonda cha namna hiyo. Hakuna aliyeniuliza.

Vitus aligonga tairi la mbele la kile kiti kwa kidole.

— Haya, matairi ya mbele. Madogo, magumu, ya kutembelea sakafuni. Kwenye changarawe hii yanazama, natupwa mbele. Changu kina tairi kubwa mbele kwa sababu hiyo. Na mlango wangu, hiki hakipiti. Mlinipa mimi au mliipa picha?

— Lakini tuliuliza! Bunge alijitetea. Tulimuuliza kaka yako, Jackson. Akasema chochote mtakachompa atashukuru.

Neno hilo lilimchoma Vitus kuliko kiti chenyewe. Alizungusha matairi akamgeukia Bunge uso kwa uso.

— Jackson ndiye anayeoa?

— Sasa ukimuuliza mtu, alinung'unika Injinia, inakuwa si mshangao tena.

— Mishangao ninayo ya kutosha, Nassoro. Daraja la ngazi tupu, bila njia ya kupitisha kiti, ni mshangao. Kondakta kunipita ni mshangao. Mngeniuliza tu: Vitus, wewe na Fortunata mnataka nini? Na ningesema sitaki kitu, mngekunywa kahawa mkanyamaza.

Hapo ndipo mama mmoja mwenye kitenge cha safari alipovuka barabara, begi begani. Alikuwa Lydia, dada mkubwa wa Fortunata, ameteremka kutoka Usangi asubuhi hiyo.

— Shemeji, za hapa?

— Shikamoo dada.

— Marahaba.

Alivuta kigoda cha Irine, akakaa mbele ya Vitus, macho kwa macho.

— Kilichonileta ni kimoja. Ndugu tunataka kuwapa kitu cha nyumbani. Fortunata nimemuuliza, akasema nikuulize na wewe. Mngependa nini? Kama hakuna, sema tu, hatununi.

Vitus alikuwa bado na hasira, lakini swali hili alilijibu mara moja.

— Jiko la gesi. La mafiga mawili. Na meza yake, dada, maana za dukani ni ndefu, nikikaa sufuria iko usoni kwangu.

— Meza ya urefu gani?

— Seremala aje nikiwa nimekaa, apime mimi nikiwepo. Magoti yapite chini. Na Fortunata naye apimwe, asije akapinda mgongo.

— Naweza kumwita leo?

— Mwite.

— Mbao iachwe ilivyo au ipakwe rangi?

Vitus alifikiri. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari ya rangi kwa muda mrefu.

— Kijani.

Injinia alijikuna kichwa, akasogea karibu.

— Vitus, na hiki kiti? Tukirudishe dukani, au kuna mwenzako kinachomfaa?

— Kirudisheni. Mkipata huyo mwenzangu, naye mkamuulize.

Lydia alitabasamu, akageukia benchi kwa ukarimu wa mgeni anayetaka kuzoeana na watu.

— Fortunata anamsifia shemeji, anasema chakula chake huwezi kukimaliza ukainuka. Nyie ndio rafiki zake wa kila siku. Anapika nini hasa?

Bunge akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Irine. Irine akapangusa kikombe ambacho kilikuwa kikavu tayari. Basi la Moshi likapita, vumbi likatua, na swali bado lilikuwa palepale.

— Eti? alisema Lydia.

Vitus angeweza kuwajibia. Aligeuza kiti chake, akarudi kibandani, akashika koleo, akawaacha walitafute jibu wenyewe.